Kipandio cha Mwisho: Vipimo vya Ngazi na Miguu ya Wakazi wa Nyumba

Kwa miaka mingi nyumba ya kawaida ya mkazi wa Mbagala, Tandika au Mwananyamala ilikuwa ya chini: korido katikati, vyumba pande mbili, uani nyuma. Mtu aliweza kuishi humo hadi uzeeni bila kupanda zaidi ya kizingiti. Hali hiyo inabadilika. Kutoka Tegeta na Bunju upande wa Kinondoni hadi Chamazi upande wa Temeke, nyumba za ghorofa moja zinazojengwa na familia zenyewe zimekuwa jambo la kawaida, na pamoja nazo imeingia ndani ya nyumba sehemu ambayo wenye nyumba wengi hawakuizoea tangu utotoni, nayo ni ngazi. Mara nyingi hupewa nafasi iliyobaki baada ya sebule, jiko na vyumba kugawiwa. Huko ndiko matatizo yake yanakoanzia.

Daktari anayempokea bibi aliyevunjika nyonga, au mama aliyevunjika kifundo cha mkono baada ya kujikinga asianguke, huandika kwenye faili kwamba mgonjwa aliteleza ngazini. Neno hilo huficha mengi. Wengine huteleza kweli, kwa maji au kwa sabuni. Wengine hujikwaa, na wengine hukosa mahali pa kukanyaga. Ajali za namna hizi mbili za mwisho mara nyingi asili yake ni futikamba ya fundi, siku nyumba ilipokuwa ikijengwa, na uzembe wa aliyeanguka unaweza usihusike kabisa.

Kila kipandio cha ngazi kina vipimo viwili vya msingi. Cha kwanza ni kimo, yaani umbali wa wima kutoka uso wa kipandio kimoja hadi uso wa kinachofuata. Cha pili ni upana wa kukanyagia, yaani umbali wa mlalo kutoka ukingo wa kipandio kimoja hadi ukingo wa kinachofuata. Uhusiano wa vipimo hivi viwili ndio unaoamua kama ngazi itakuwa rafiki wa magoti au adui yake.

Mtu aliyeuweka uhusiano huo katika hesabu iliyodumu ni Mfaransa François Blondel, mkurugenzi wa Chuo cha Kifalme cha Usanifu Majengo cha Paris, katika mafunzo yake yaliyoanza kuchapishwa mwaka 1675. Alianza na hatua ya mtu anayetembea mahali tambarare, akaikadiria kuwa inchi 24 za Kifaransa za zama zake, yaani karibu sentimita 65. Kisha akatoa hoja kwamba kupanda juu kunagharimu mwili mara mbili ya kwenda mbele, kwa hiyo kila inchi ya kimo ipunguze inchi mbili katika urefu wa hatua. Kwa maneno mengine, kimo mara mbili, ukijumlisha na upana wa kukanyagia, kifanye hatua moja ya mtu. Wabunifu wa leo bado hutumia kanuni hiyo, ila hulenga jumla ya kati ya sentimita 60 na 64. Kimo cha sentimita 17 na upana wa sentimita 28, kwa mfano, hutoa jumla ya 62, na ngazi ya namna hiyo hupandwa bila mtu kuifikiria.

Kanuni hiyo ina udhaifu mmoja ambao mafundi wenye haraka hawauoni. Kipandio chenye kimo cha sentimita 30 na upana wa sentimita 3 nacho hutoa jumla ya 63, lakini hicho ni ukuta wa kukwea. Kwa sababu hiyo kanuni hufanya kazi ndani ya mipaka tu. Kwa ngazi ya nyumbani, kimo kikae kati ya sentimita 15 na 19, na upana usishuke chini ya 25. Kanuni za ujenzi za nchi mbalimbali hutofautiana hapa. Za Uingereza, kwa mfano, huruhusu kimo cha hadi sentimita 22 katika nyumba ya familia, ilhali kanuni za Marekani kwa majengo ya umma huishia karibu sentimita 18 na kudai upana wa sentimita 28. Tofauti hiyo inaeleweka. Ngazi ya nyumbani hutumiwa na watu walewale kila siku, na ya jengo la umma hutumiwa na asiyeijua.

Sababu ya mipaka hiyo imo mwilini. Mtu anapotembea mahali tambarare, goti lake hukunjika hadi nyuzi 60 hivi. Anapopanda ngazi hukunjika zaidi, na kadiri kimo kinavyoongezeka ndivyo linavyokaribia au kupita nyuzi 90, huku uzito wote wa mwili ukiinuliwa na misuli ya mbele ya paja moja. Kijana hahisi lolote. Mzee ambaye gegedu la goti lake limelika huhisi kila sentimita ya nyongeza, naye huanza kupanda kama mtoto, kwa kuweka miguu yote miwili juu ya kila kipandio.

Hata hivyo hatari kubwa zaidi iko katika kushuka. Anayepanda akijikwaa huangukia mbele, na vipandio viko karibu na mikono yake. Anayeshuka akikosa mguu huanguka kuelekea kwenye uwazi, na mwili husafiri mbali kabla ya kukutana na kitu. Tena, anayeshuka hulazimika kuuteremsha mwili polepole kwa goti lililokunjika, kazi ngumu kwa misuli iliyodhoofika. Hapo ndipo upana wa kukanyagia unapokuwa jambo la uhai. Kiatu cha mtu mzima kina urefu wa sentimita 28 hivi. Kikikanyaga kipandio chenye upana wa sentimita 21, hata kama kisigino kimesukumwa hadi mwisho, sentimita 7 za mbele huning'inia hewani, na sehemu hiyo ndiyo yenye vidole vinavyoshika na kusawazisha. Mwili hujitafutia suluhisho wenyewe: mtu hugeuza mguu na kushuka ubavuubavu. Mwenye nyumba anayetaka kujua kama ngazi yake ni nyembamba hahitaji hata futikamba. Atazame jinsi mgeni anavyoshuka. Kama mgeni anageuza nyayo zake bila kuambiwa, jibu limepatikana.

Hapa huulizwa swali ambalo linastahili jibu la haki: mbona wazee wa pwani walijenga ngazi zilizosimama vile, na watu wakaishi? Anayeingia katika nyumba za mawe za Mji Mkongwe wa Zanzibar hukutana na ngazi nyembamba zilizobanwa baina ya kuta mbili, zikipanda kwa ukali hadi mtu hutamani kutumia mikono. Dar es Salaam yenyewe imebakiwa na majengo machache ya jadi hiyo ya mawe ya matumbawe na chokaa, likiwamo Boma la Kale karibu na bandari, lililojengwa miaka ya 1860 enzi za Sultani Majid bin Said.

Wajenzi wale walijua kazi yao. Waliongozwa na boriti. Sakafu za nyumba hizo zilibebwa na miti ya mikoko, na mti wa mkoko hubeba mzigo vizuri kwa urefu wa mita mbili na nusu hadi tatu hivi. Ukizidi hapo hupinda. Kwa hiyo vyumba vilikuwa virefu upande mmoja na vyembamba upande wa pili, na ngazi nayo iliwekwa ndani ya uwazi wa boriti moja. Wakati huohuo dari zilijengwa juu sana ili hewa ya moto ipande na chumba kipoe. Hesabu yenyewe inasema yaliyobaki. Ukichukua ghorofa yenye kimo cha mita 4 na kuipandisha katika mlalo wa mita 3, unapata mwinuko wa nyuzi 53. Ngazi ya starehe ya nyumbani huwa na nyuzi 30 hadi 37. Kuna sababu ya pili, ya kijamii. Mgeni wa kawaida alipokewa barazani, chini, na orofa ya juu ilikuwa ya familia. Waliopanda waliijua ngazi yao tangu utotoni, kipandio kwa kipandio, hata gizani.

Ngazi hizo zinashindwa leo kwa sababu watumiaji wamebadilika na mahitaji pia. Watu wanaishi hadi umri ambao kisukari kimeshaua hisia za nyayo, ambao mtoto wa jicho umefifisha ukingo wa kipandio, na ambao dawa za shinikizo la damu zinaweza kuleta kizunguzungu mtu anapoinuka ghafla. Nyumba iliyopangishwa hupokea wageni wasioijua ngazi. Aidha, vipandio vya chokaa vilivyolika na kuzibwa mara nyingi havilingani tena, na jambo hilo, kama itakavyoonekana, ni baya kuliko ukali wenyewe. Lililo la kushangaza ni kwamba mwinuko uleule wa nyuzi karibu 50 unarudi katika nyumba mpya za Chamazi na Tegeta, ambako hakuna boriti ya mkoko inayomlazimisha mtu. Zege na nondo havina kikomo hicho. Kinachorudisha ukali ni nafasi ya mita mbili kwa tatu iliyobaki baada ya mengine yote.

Nafasi hiyo kumbe inatosha. Tuseme umbali kutoka sakafu ya chini hadi sakafu ya juu ni mita 3. Fundi anayepandisha ngazi moja kwa moja katika nafasi hiyo hupata vipandio 13 vyenye kimo cha sentimita 23 na upana wa sentimita 21, na mwinuko unaokaribia nyuzi 48. Jumla ya Blondel inafika 67. Lakini ngazi hiyohiyo ikikunjwa katikati, hesabu inageuka. Gawa mita 3 kwa vimo 16, kila kimo kinakuwa sentimita 18.75. Panda vimo 8 hadi kwenye sakafu ndogo ya katikati, ambayo mafundi huiita lendingi, kisha geuka na upande 8 vilivyobaki. Kila mkono wa ngazi wenye vimo 8 una nyuso 7 za kukanyagia, kwa kuwa uso wa nane ni lendingi yenyewe. Nyuso 7 za sentimita 25 ni mita 1.75. Ongeza lendingi ya mita 1, jumla mita 2.75. Mikono miwili ya sentimita 90 kila mmoja, na pengo la sentimita 10 kati yake, inachukua mita 1.90. Ngazi nzima imeingia ndani ya mita mbili kwa tatu, mwinuko wake ni nyuzi 37 na jumla yake ya Blondel ni 62.5. Lendingi inaleta faida nyingine ambayo daktari ataipenda kuliko mhandisi: anayeanguka hapati nafasi ya kuporomoka ghorofa nzima, na mwenye pumu au moyo mdogo wa safari anapata mahali pa kusimama.

Sasa yaje yale yanayoharibika hata pale hesabu ilipokuwa sahihi. Chukua ngazi hiyohiyo ya vimo 16 katika nyumba ya mfano huko Chamazi. Fundi ni mtu makini. Amepima zege tupu la chini na zege tupu la juu, amegawa kwa 16, amepanga mbao za kumwagia zege kwa pimamaji, na baada ya kuzivua kila kimo ni sentimita 18.75 bila hitilafu. Mwenye nyumba ameridhika na amemlipa. Miezi mingi baadaye, fedha zikipatikana, anakuja fundi mwingine wa vigae. Sakafu ya chini haijalala sawa, hivyo anaweka tabaka la saruji na vigae, jumla sentimita 5. Juu nako anafanya vivyo hivyo, sentimita 5. Ngazini hahitaji tabaka nene. Anaweka saruji kidogo na vigae, sentimita 2.5.

Matokeo yake hayaonekani kwa macho. Vimo vya katikati havikubadilika, kwa kuwa kila uso umepanda kwa kiasi kilekile. Lakini sakafu ya chini imepanda sentimita 5 na kipandio cha kwanza 2.5 tu, hivyo kimo cha kwanza kimepungua hadi 16.25. Juu imekuwa kinyume: sakafu imepanda 5, kipandio kilicho chini yake 2.5, na kimo cha mwisho kimefikia 21.25. Ngazi iliyozaliwa sawa sasa ina kimo kifupi chini, virefu kiasi 14 katikati, na kimoja kirefu kupita vyote juu kabisa.

Sentimita 2 na nusu zinaweza kuonekana si kitu. Kwa mguu ni nyingi. Mtu anapopanda hatazami kila kipandio. Hutazama viwili vitatu vya mwanzo, kisha mwili huchukua kipimo na kuendelea kwa mazoea. Mguu huinuliwa kiasi cha kuvuka ukingo tu, na ncha ya kiatu hupita juu ya ukingo kwa nafasi ya sentimita chache, kwa mchovu na kwa mzee hata kidogo zaidi. Kimo kilichoongezeka ghafla huila nafasi hiyo yote. Ncha hugonga ukingo, mwili uko tayari njiani kwenda mbele, na mtu huangukia sakafu ya juu kwa mikono yake. Kwa anayeshuka tatizo liko pande zote mbili. Hatua ya kwanza kutoka juu ni ndefu kuliko atakazokutana nazo baadaye, na ya mwisho ni fupi, hivyo kisigino hupiga sakafu kabla goti halijajiandaa.

Jambo hili liliwahi kuonekana wazi mjini New York mwaka 2012, katika ngazi ya kituo cha treni cha Mtaa wa 36, Brooklyn. Mkazi mmoja alipiga picha za video za watu wakijikwaa mmoja baada ya mwingine, wote mahali pamoja. Kulikuwa na kipandio kimoja kilichozidi vingine kwa sehemu ndogo tu ya inchi.  Kanuni za Marekani haziruhusu tofauti ya zaidi ya inchi tatu ya nane, yaani milimita 9.5, kati ya kimo kikubwa kuliko vyote na kidogo kuliko vyote katika mkono mmoja wa ngazi. Nyumba ya mfano ya Chamazi ina tofauti ya milimita 25 kutoka kimo hadi kinachokifuata katika kila mwisho wa ngazi, na milimita 50 kati ya cha kwanza na cha mwisho.

Kinga yake ni kupima kutoka sakafu iliyokamilika, ambayo wakati huo bado haipo. Fundi huchora mstari ukutani mahali uso wa kigae cha chini utakapokuwa, na mwingine mahali uso wa kigae cha juu utakapokuwa, kisha hugawa umbali kati ya mistari hiyo. Katika mfano huu zege la kimo cha kwanza lingemwagwa kwa sentimita 21.25 na la mwisho kwa 16.25. Hapo huzuka mgogoro. Mwenye nyumba akija kukagua ataona ngazi ambayo kipandio cha kwanza ni kirefu na cha mwisho kifupi, naye atadhani ameharibiwa kazi.

“Fundi, hii ya kwanza mbona imepanda hivi?”

“Subiri vigae, bosi. Vikishalala, zote zitakuwa sawa.”

Fundi anayejibu hivyo, akaonyesha na mistari yake ukutani, anastahili kuaminiwa. Wa kutiliwa shaka ni yule ambaye ngazi yake ya zege tupu iko sawa kabisa, na hakuwahi kuuliza vigae vitakuwa na unene gani.

Kwa nyumba iliyokwisha kukamilika, kasoro hii hutambulika kwa dakika tano. Fimbo iliyonyooka hulazwa juu ya ukingo wa kipandio kimoja ikiwa imepimwa kwa pimamaji, na kimo hupimwa kutoka kipandio cha chini yake. Kisha vimo vyote huandikwa kwa mpangilio. Kama vya katikati vinafanana na cha kwanza na cha mwisho vinatofautiana kwa kiasi kilekile, kimoja chini na kingine juu, basi chanzo ni vigae. Marekebisho yake ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Nyuso zote za kukanyagia zikiongezwa sentimita 2.5 kwa usawa, lendingi ikiwamo, kimo cha kwanza kinapanda hadi 18.75, cha mwisho kinashuka hadi 18.75, na vya katikati vinabaki vilevile. Uso wenye upana wa sentimita 25 na urefu wa sentimita 90 huongezewa uzito wa kilo 12 hivi, na lendingi zaidi ya kilo 100, kwa hiyo mhandisi aulizwe kwanza. Reli ya mkono nayo huwa fupi kwa sentimita 2.5, na huenda ikahitaji kuinuliwa. Nyongeza ya kipandio kimoja tu, kile cha chini ya sakafu ya juu, ambayo mafundi wengine huipendekeza ili kuokoa gharama, huhamisha tu kosa kutoka kipandio cha mwisho hadi kinachokitangulia.

Limebaki suala la kichwa. Nafasi ya kichwa hupimwa wima, kutoka mstari unaounganisha kingo za vipandio hadi kitu chochote kilicho juu yake, na kiwango kinachokubalika katika nchi nyingi ni mita 2. Katika ngazi ya kukunja ambayo uwazi wake wa juu umeachwa wote, tatizo hili ni nadra. Huonekana zaidi katika ngazi iliyonyooka, ambapo mwenye nyumba hutaka uwazi uwe mfupi ili apate chumba kikubwa juu.

Hesabu yake ni nyepesi. Jumlisha nafasi ya kichwa inayotakiwa na unene wa sakafu ya juu, kisha zidisha kwa upana wa kukanyagia na ugawe kwa kimo. Kwa sakafu yenye unene wa sentimita 20 pamoja na lipu na vigae, jumla ni mita 2.20. Ukizidisha kwa 25 na kugawa kwa 18.75 unapata mita 2.93. Huo ndio urefu mdogo kabisa wa uwazi. Kosa la kawaida ni kusahau bimu. Mara nyingi ukingo wa uwazi hubebwa na bimu inayoshuka sentimita 30 chini ya dari. Uwazi ukibaki wa mita 2.93, mtu anayepita chini ya bimu hiyo anabaki na mita 1.70. Wengi wa wanaume, na wanawake warefu, watagonga paji la uso hapo, hasa wanaposhuka, kwa kuwa anayeshuka hutazama miguu yake. Pigo lenyewe huenda lisiwe kubwa, lakini linamkuta mtu juu ya ngazi, na kurudi nyuma kwa ghafla ndiko kunakomwangusha. Kwa bimu hiyo uwazi ulipaswa kuwa mita 3.33. Dalili ya kosa hili huonekana katika nyumba nyingi: doa jeusi la mikono na vichwa kwenye ukingo wa bimu, au kipande cha sponji kilichogundishwa hapo.

Na hata hizo mita 2 hazikukadiriwa kwa ajili ya Dar es Salaam. Waliozipanga walimfikiria mtu anayepanda na kichwa chake tu. Maji yakikatika, katika nyumba za Temeke na Kinondoni hupandishwa juu kwa ndoo ya lita 20, na ndoo hukaa kichwani. Mwanamke mwenye kimo cha mita 1.60 akiongeza ndoo yenye urefu wa sentimita 35 hivi na kata yake anafika karibu mita 2, kabla hajainuka kwa hatua. Mkono mmoja umeshika ndoo, wa pili umeinua dera lisikanyagwe, na reli imebaki bila mkono wa kuishika. Anayejenga leo na ana nafasi ya kuchagua aache mita 2.20. Katika ngazi iliyonyooka ya mfano huu hilo linaongeza urefu wa uwazi kwa sentimita 27 tu.

Upana wa ngazi yenyewe nao hupimwa kwa kipimo ambacho hakimo katika michoro mingi. Sentimita 90 zinamtosha mtu mmoja, na godoro likilazwa ubavu hupita. Lakini siku mgonjwa wa ghorofani atakapohitaji kuteremshwa, watakaombeba watakuwa wawili au watatu, mgonjwa akiwa ameketishwa kitini au amelazwa kwenye shuka, na mahali watakapokwama ni kwenye kona ya lendingi. Lendingi yenye kina kilicho sawa na upana wa ngazi au zaidi huruhusu kiti kugeuka. Vipandio vya pembetatu, ambavyo baadhi ya mafundi huvimwaga kwenye kona ili waokoe nafasi ya lendingi, haviruhusu. Tena upande wao wa ndani hauna mahali pa kukanyaga hata kwa anayetembea peke yake. Mwenye nyumba akae chini na fundi wake kabla ya mbao kupigwa, wachukue kiti cha plastiki, wachore lendingi kwa chaki sakafuni kwa vipimo vyake halisi, na wajaribu kukigeuza wakiwa wamembeba mtu.